Baraza la Garsen: watu waliuliza nini, na walijibiwa nini?

Tangu lile baraza la mafuriko lifanyike Garsen, nimesikia habari zake za namna mbili. Wanaotoka afisini wasema watu waliuliza na wakajibiwa. Wanaotoka vijijini wasema watu waliuliza na hawakujibiwa. Wote walikuwa uwanja mmoja, chini ya mwembe mmoja, na haiwezekani wote wawe wakweli. Kijana mmoja aliyekaa mbele alinasa kikao chote kwa simu yake, saa 2 na dakika 40, akanitumia. Nimekisikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa na mzee anayejua Kiorma vizuri na dada anayejua Kipokomo. Leo nataka nikupe, ndugu msomaji, kilichomo, na pia jinsi nilivyokipanga, ili ukipenda ufanye vivyo hivyo kwa baraza la kwenu.

Shida ya kwanza ya baraza zetu ni mpango wa kuuliza. Kipaza sauti hupewa watu watano au sita, kila mmoja aseme lake, kisha meza kuu hujibu kwa pamoja. Aliyeuliza la pili husubiri robo saa, na jibu likija huja limechanganyika na la nne na la tano. Meza nayo huchagua. Lililo jepesi hupata maelezo marefu, lililo zito hupita. Mtu aliyekaa pale hawezi kulikamata jambo hilo kwa sikio, kwa sababu maneno yalikuwa mengi, na maneno mengi hufanana na majibu.

Basi kazi ya kwanza ilikuwa kuandika kila swali kama lilivyoulizwa, pamoja na dakika yake kwenye rekodi. Sikuandika jina la muuliza. Baadhi yao walimtaja chifu wao kwa ubaya, na chifu ni mtu wa kukutana naye kesho. Kipaza sauti kilishikwa na watu 34. Lakini mtu mmoja akisimama haulizi moja. Mama mmoja aliuliza mambo matatu kwa pumzi moja: mbona onyo lilichelewa, nani atalipa mbuzi, na shule itafunguliwa lini. Ukiyaacha yakiwa swali moja, meza ikijibu habari ya shule utaandika kwamba mama kajibiwa. Nilipoyatenganisha yote, nikatoa na zile hotuba na shukurani ambazo si maswali, nikabaki na maswali 41.

Kisha nikayapanga kwa mafungu. Hapa nataka niseme jambo ambalo kwetu Tana River lina uzito wake. Njia rahisi ingekuwa kugawa kwa muuliza: maswali ya wakulima huku, ya wafugaji kule. Anayetujua atajua maana yake. Mara moja karatasi ingesomwa kuwa ni Wapokomo wameuliza ngapi na Waorma na Wardei wamejibiwa ngapi. Nikaamua kupanga kwa kile anachokitaka muuliza, yaani jibu gani likitoka ataketi chini ameridhika. Neno lililotumika nalo si mwongozo mzuri. Neno "maji" limo katika zaidi ya nusu ya maswali, lakini mmoja alitaka kujua maji yatafika lini, wa pili nani atalipa yaliyochukuliwa na maji, na wa tatu ng'ombe watapita wapi kwenda kwenye maji. Hayo ni mafungu matatu mbali mbali, na ndiyo mafungu makubwa ya baraza hili.

Fungu la kwanza ni onyo. Maswali 9. Watu walitaka kujua nani anawaambia kwamba mto unakuja, na anawaambia siku ngapi kabla. Meza ilijibu kwamba kampuni ya umeme ya KenGen hutoa tangazo mabwawa yakijaa, kwamba tangazo hupelekwa kwa serikali ya kaunti na kwa machifu, na kwamba redio husema. Afisa mmoja akaongeza kwamba mabwawa si chanzo pekee cha mafuriko.

Hilo la mwisho lilipigiwa kelele, lakini ni kweli, na ni haki kumpa mtu ukweli wake. Mabwawa matano yamepangana huko juu: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga ndilo la juu na ndilo kubwa, na likijaa likamwaga, maji hushuka kupita yote mpaka Kiambere na kuja kwetu. Hata hivyo chini ya Kiambere mto hupokea mito mingine kutoka upande wa Mlima Kenya na Meru, kama Mutonga na Kathita, na hiyo haina bwawa la Masinga la kuizuia. Mvua kubwa ikinyesha huko, Tana hujaa hata kama mabwawa hayajamwaga tone.

Lakini angalia swali lilikuwa nini. Watu hawakuuliza chanzo cha mafuriko. Waliuliza nani atawaambia na lini. Maji yanayotoka juu hupita Garissa, hupita Hola, na huchukua siku kadhaa kabla ya kutandaa Garsen na delta. Kwa hiyo onyo la maana kwa mtu wa kijiji cha chini haliwezi kuwa "mabwawa yamejaa". Ni kipimo: mto ukifika kiasi fulani Garissa, kijiji chetu kina siku ngapi? Mzee mmoja aliuliza hivyo hivyo, kwa Kiswahili safi, dakika ya 52. Jibu alilopata ni kwamba watu wawe macho na wahame sehemu za bonde mapema. Nimeliandika swali lake kuwa halikujibiwa. Kati ya yale 9, nimehesabu 4 yaliyojibiwa, yaani tangazo hutoka kwa nani na hupitia wapi. Matano yaliyobaki yote yanahusu hatua ya mwisho, kutoka kwa chifu hadi mlangoni mwa mtu, na hapo pana kimya.

Nimelitaja neno "halikujibiwa", na ni lazima nieleze nilivyolitumia, maana ndipo ugomvi ulipo. Kila swali nililipa alama moja kati ya nne. Jibu ni pale mtu aliyeuliza amepata habari aliyoitaka, hata kama haipendi. Ahadi ni pale meza imesema itafanya. Hapo naandika nani na lini, na kama hakutajwa mtu wala siku, naandika hivyo hivyo kwamba haikutajwa. La tatu ni pale meza imesema jambo si lake, ni la afisi nyingine. La nne ni kimya. Hiyo ya tatu hudharauliwa, lakini inaweza kuwa ya kweli kabisa. Maswali ya barabara ya kwenda Lamu yalikuwa namna hiyo. Sehemu ya Gamba mpaka Lango la Simba ilikatwa na maji katika mafuriko ya miaka hii ya karibuni, watu wakauliza itainuliwa lini, na meza ikasema ile ni barabara kuu ya taifa, si ya kaunti. Ni kweli. Nikaandika: peleka kwa mamlaka ya barabara kuu. Imekwisha.

Fungu la pili ni hasara, na ndilo lenye maswali 12. Hapa ndipo nilipomshukuru yule mzee wa Kiorma.

Dakika ya 71 alisimama mama akasema kwa Kiorma. Mkalimani, kijana mwenye haraka na aliyechoka, akageuza kwa maneno machache: mama anaomba msaada kwa sababu mbuzi wake wamekufa. Meza ikajibu kwa upole kwamba chakula cha mgao kitaletwa na orodha iko kwa chifu. Watu wakapiga makofi. Ukisikiliza Kiswahili peke yake, hilo ni swali na jibu lake, safi. Mzee akanisimamisha. Akasema mama hakuomba msaada. Mama alisema mbuzi wake walikuwa salama juu, akaambiwa na mtu wa serikali awateremshe kwa sababu maji yamepungua, akawateremsha, na usiku maji yakarudi. Swali lake lilikuwa: yule aliyeniambia niteremke ndiye atanilipa, au ni nani?

Hayo ni mambo mawili tofauti. Mgao ni huruma, hupewa mwenye njaa bila kuuliza kosa la nani. Fidia ni deni, na hudaiwa kwa mtu maalum kwa sababu maalum. Mkalimani aligeuza deni kuwa ombi. Nilirudi nyuma nikayapitia tena maswali yote ya Kiorma na Kipokomo, na nikaona limetokea zaidi ya mara moja: swali lenye ncha huingia mdomoni mwa mkalimani likatoka bila ncha. Sidhani alikusudia. Anayefasiri mbele ya wakubwa hulainisha tu. Dalili yake utaiona kwenye rekodi: muuliza amesema dakika mbili, tafsiri imechukua sekunde kumi. Kila unapokuta hivyo, tafuta mtu wa lugha ile akusikilizie.

Sasa, je, fidia ipo? Meza haikusema ipo wala haipo, na kwa hiyo watu 12 waliondoka wakiwa na tumaini lisilo na umbo. Ingekuwa afadhali kuwaambia wazi. Katiba, katika kifungu cha 40, inaagiza fidia ya haki pale serikali inapochukua ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma. Mafuriko siyo kuchukua ardhi. Kwa mazao na mifugo iliyochukuliwa na mto hakuna mahali pa kwenda kuonyesha hasara ukahesabiwa ukalipwa. Kuna misaada ya maafa, ambayo hutolewa kadiri ya kilichopo. Anayetaka kudai kwamba afisa alimpotosha, kama mama yule, ana dai la namna nyingine, la uzembe, na hilo lahitaji wakili na ushahidi wa nani alisema nini. Jibu hili ni chungu, lakini mtu huenda nalo nyumbani akajua asimame wapi.

Ndani ya fungu hilo hilo kulikuwa na swali moja lililozama kwa sababu lilikaa na wenziwe wa mgao. Mtu aliuliza habari ya jamaa yake aliyekamatwa na mamba maji yalipoingia kijijini. Meza ikampa pole. Pole ni nzuri, lakini swali lake lilikuwa na mlango wa sheria. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inawataja mamba na kiboko katika orodha ya wanyama ambao serikali hulipa wakiua au wakijeruhi mtu. Kwa kifo sheria iliandika shilingi milioni 5. Dai hupelekwa kwa kamati ya kaunti ya wanyamapori na fidia, likiwa na karatasi ya hospitali au cheti cha kifo na ripoti ya polisi. Malipo huchelewa sana, kila mtu wa mtoni ajua, lakini asiyepeleka dai hachelewi, hayumo kabisa. Swali hilo nimelitoa katika hasara nikaliweka peke yake, kwa sababu jibu lake si lile la wengine 11.

Fungu la tatu nimelipa jina refu kidogo: kuhama na malka. Maswali 14, na mwanzoni nilikuwa nayo mafungu mawili.

Upande mmoja waliuliza wakazi wa vijiji vilivyozama. Wameambiwa wahamie sehemu za juu, na baadhi tayari wako huko katika mahema na vibanda. Waliuliza ardhi ile ni ya nani, kama watapewa hati, na kama wakihama watabaki na haki ya mashamba yao ya ukingoni. Upande wa pili waliuliza wafugaji. Sehemu za juu ndizo malisho, na ndizo zinazopitwa na njia za mifugo kushuka mtoni, zile tunazoziita malka. Waliuliza kama vijiji vipya vitafunga malka. Maswali haya hayakuulizwa kwa sauti tamu. Ukisikiliza rekodi unasikia uwanja ukinyamaza. Watu wa hapa hawajasahau mwaka 2012, kuanzia Riketa mwezi wa Agosti mpaka Kipao mwezi wa Disemba, roho zaidi ya 100 zikapotea, na malisho na maji vikiwa katika mzizi wa yale.

Nilipoyaandika yote kwenye karatasi bila majina na bila kabila, nikaona ni swali moja limeulizwa kutoka pande mbili. Anayehama ataka kujua mpaka wa kiwanja chake uko wapi. Anayefuga ataka kujua njia ya ng'ombe wake iko wapi. Ramani moja, iliyochorwa malka kwanza kisha viwanja, ingewajibu wote kwa mara moja. Wala si jambo geni. Mwaka 2013 mahakama kuu iliagiza matumizi ya ardhi ya delta yapangwe kwa kuwashirikisha wenyeji, baada ya kesi iliyotokana na miradi mikubwa ya kilimo. Mpango wa matumizi ya ardhi ya delta ukatolewa mwaka 2015, na kazi yake moja ilikuwa hiyo ya kuonyesha wapi ni kilimo, wapi ni malisho, na mifugo ipite wapi.

Meza ilisema nini? Kuhusu ardhi ilisema sehemu zimetengwa na hati zitafuata. Nimeandika: ahadi, bila mtu, bila siku. Na ni ahadi yenye tundu, kwa sababu ardhi kubwa ya Tana River ni ya jamii, na sehemu nyingi haijasajiliwa. Chini ya sheria ya ardhi ya jamii ya mwaka 2016, ardhi ambayo haijasajiliwa huwekwa na serikali ya kaunti kama amana kwa niaba ya jamii. Kaunti ni mshika amana tu. Ili ardhi isajiliwe, jamii yenyewe huitwa kwa tangazo, hukutana, huchagua kamati ya watu 7 hadi 15, na hupeleka orodha ya wanachama, kumbukumbu za mkutano na kanuni zao kwa msajili. Kwa hiyo swali linalofuata ahadi ya hati ni: hati ya jamii ipi? Wanaohamia watakuwa wanachama wa jamii ya pale, au ni wageni wao? Hakuna aliyeligusa.

Kuhusu malka, nimetafuta katika dakika zote 160. Maswali 5 yaliitaja kwa jina. Meza haikulitamka neno hilo hata mara moja. Afisa mmoja alisema watu waishi kwa amani, na wote wakaitikia. Nimeandika kimya, mara tano.

Labda utasema mimi ni mkali, kwamba wale maafisa walikuwa wamechoka na jua lilikuwa kali, na kwamba neno la amani mbele ya umati ule lilikuwa la busara kuliko kuanza kuchora mipaka. Naikubali sehemu ya hoja hiyo. Si kila swali ni la kujibiwa pale pale uwanjani. Lakini basi lisemwe: hili hatutalijibu leo, tutalijibu siku fulani, mbele ya wazee wa Gasa na wazee wa Matadeda. Hiyo ingekuwa ahadi yenye mtu na siku.

Mengine 6 ni shule, dawa, mbegu na hiyo barabara niliyoitaja. Mbegu zilipata jibu kamili, afisa wa kilimo alitaja aina na akataja afisi ya kuchukulia.

Kabla ya kuandika makala haya nilisoma ile karatasi mbele ya watu wanne waliouliza, wawili wa kila ng'ambo, nikawauliza kama swali lao ndilo hilo. Mmoja alinirekebisha: nilikuwa nimeandika "njia ya mifugo" na yeye akataka "malka", kwa kuwa njia yaweza kuwa popote lakini malka ni pale mahali mtoni ambapo ng'ombe hunywa. Neno nimelirudisha.

Karatasi sasa iko kwa vijana wa Garsen, nao wanaigeuza barua. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia yeyote kuomba habari kwa afisi ya umma kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na afisi ina siku 21 za kujibu. Habari ikihusu uhai wa mtu, muda ni saa 48. Wakikataliwa au wakinyamaziwa, mlango unaofuata ni tume ya haki ya utawala. Nimewashauri wasipeleke maswali yote 41, kwa sababu barua ya maswali 41 hujibiwa yale mepesi, kama uwanjani. Wapeleke manne, kila moja likiwa na dakika yake ya rekodi pembeni:

Mto ukipimwa Garissa, ni kiasi gani kinachomaanisha kijiji chetu kihame, na nani ana kazi ya kutuambia?

Sehemu zilizotengwa za kuhamia ziko katika ardhi ya jamii ipi, na jamii hiyo ilikutana lini ikakubali?

Iko wapi ramani inayoonyesha malka katika sehemu hizo?

Na la mama wa mbuzi, kama alivyolisema mwenyewe, pamoja na tafsiri aliyoitoa yule mzee.